Kadi ya Kumuaga Mwenzetu Anayekwenda Kujifungua



Leo tunataka kuzungumza nanyi kuhusu kitu kidogo ambacho wengi wetu tunakifanya kwa dakika tano tu: kadi ya kumuaga mfanyakazi mwenzetu anayekwenda likizo ya uzazi. Mtu anatumwa Darajani akanunue kadi, inapitishwa mezani, kila mmoja anaandika "hongera" na jina lake, basi imekwisha. Sisi mara hii ilituchukua siku nne, na tunaona kuna faida kuwaeleza kwa nini.

Sisi ni wanawake saba katika saluni ya maharusi hapa Unguja. Kati yetu wapo wanaopaka hina, wanaotengeneza nywele, wanaosinga, yuko anayeshika daftari na pesa, na yuko Bi Mkubwa mwenye saluni. Mwenzetu tuliyemuaga ni mpaka hina. Ametoka hapa akiwa katika mwezi wa nane, amepanda boti mpaka Mkoani, na kutoka hapo akachukuliwa kwa gari mpaka kwa mama yake Chake Chake. Huko ndiko atakakojifungulia na kukaa arubaini yake. Baada ya hapo hatarudi kazini. Yeye na mumewe wamekubaliana amnyonyeshe mtoto miaka miwili kamili, muda ule uliotajwa katika Suratul Baqara, aya ya 233, kwa anayetaka kukamilisha kunyonyesha. Kwa hiyo hii haikuwa likizo ya miezi mitatu ya kusema "tutaonana baada ya Idi".

Kuna jambo jingine, na tumemwomba ruhusa ya kulitaja bila ya jina lake, naye akaridhia. Hii si mimba yake ya kwanza. Kabla ya kuja kwetu alikuwa akifanya kazi mahali pengine. Huko nako walimuaga kwa kadi, yenye picha ya kitanda cha mtoto na maneno ya kumpongeza mama kwa mtoto wa kiume. Ndani wenzake walimwandikia mtoto jina la utani na kumkaribisha duniani. Mtoto yule alizaliwa akiwa ameshatangulia mbele ya haki. Mama alirudi nyumbani mikono mitupu, na kadi ikawa bado iko ndani ya mkoba aliokwenda nao hospitali. Alituambia siku moja, tukiwa tunakunywa chai, kuwa hakuweza kuitupa wala kuisoma. Wale waliomwandikia hawakuwa na nia mbaya hata kidogo. Waliandika tu kama kwamba jambo limeshakuwa, na lilikuwa bado halijakuwa.

Basi tulipokaa kuandika kadi yetu, tulijiwekea sharti moja: kila neno humu liwe la kweli na la kusomeka, vyovyote Allah atakavyokadiria. Kama atajifungua kwa salama, kadi imfurahishe. Kama Allah atataka vingine, aweze kuifungua bila ya kuchomwa nayo. Sharti hili linaonekana dogo, lakini lilituondolea zaidi ya nusu ya maneno tuliyoyazoea.

Hongera ina wakati wake

Neno la kwanza lililoondoka ni "hongera kwa mtoto". Katika dini yetu, hongera ya mtoto ina mahali pake, nako ni baada ya kuzaliwa. Wanavyuoni wametaja dua maalumu ya kumwombea mzazi: abarikiwe katika alichopewa, amshukuru aliyempa, mtoto akue mpaka utu uzima, na mzazi auone wema wake. Ukiitazama dua hiyo utaona kila kipande kinamzungumzia mtoto aliyekwisha kupewa mama. Kuitia katika kadi ya mwezi wa nane ni kuitanguliza kabla ya siku yake. Tumeiandika katika karatasi nyingine, na tumeiweka. Siku zikija habari za heri kutoka Chake, inshaallah, tutaituma siku ile ile.

Kinachofaa kabla ya kuzaa ni dua ya salama. Kwa Kiswahili chetu tunayo maneno mazuri kabisa kwa hilo: Mungu akutue mzigo kwa salama, Mungu akufanyie wepesi, Mungu awe nawe. Maneno haya yanamwombea mama mwenyewe, na hayamwahidi kitu ambacho sisi hatukimiliki.

Mmoja wetu alipendekeza tuandike aya za Suratu Maryam, pale Bibi Maryam aliposhikwa na uchungu chini ya mtende. Ni kisa kinachomliwaza kila mja mzito, na hatuna neno juu yake. Lakini tulifikiria kadi hii itakaa wapi. Itaingia katika mkoba pamoja na kanga za uzazi na pamba, itapelekwa hospitali, itawekwa chini, labda itarowa. Karatasi yenye aya ya Qur'ani inataka heshima yake, na mama aliyeshikwa na uchungu si wakati wa kumpa kazi ya kulinda karatasi. Kwa hiyo dua tuliiandika kwa Kiswahili, na kisa cha Bibi Maryam tulimkumbusha kwa mdomo.

Maneno yanayomsahau aliyetangulia

Tulikuwa na sentensi iliyosema, "Allah akujaalie uwe mama bora." Aliyeisoma kwa sauti alinyamaza mwenyewe kabla ya kumaliza. Mwenzetu ni mama tayari. Amebeba miezi tisa, amezaa, na amezika. Kumwombea "awe" mama ni kumwambia kwamba yule wa kwanza hakuhesabiwa. Kwa sababu hiyo hiyo hatukuandika "mtoto wako wa kwanza" wala "mgeni wa kwanza katika nyumba yenu".

Hapo ukazuka upande wa pili wa jambo. Mmoja wetu akasema, basi tumtaje yule aliyetangulia, tumwambie tunamkumbuka. Ni wazo la huruma, lakini kadi si barua ya siri. Kadi husomwa na mume, na mama mzazi, na mawifi wanaokuja kumtazama, na jirani aliyeletewa kahawa. Mwenzetu alitueleza sisi msiba wake katika chai. Hakutuagiza tuuandike mahali ambapo kila anayepita ataushika. Jambo aliloambiwa mtu kwa siri ni amana, na amana haiandikwi kwenye kadi.

Tulichokifanya ni kuchagua maneno yasiyomtaja na yasiyomfuta. Badala ya "uwe mama bora" tuliandika "Allah akuhifadhi wewe na wanao". Neno "wanao" lina nafasi ya wote wawili. Mgeni akilisoma ataona ni dua ya kawaida tu. Yeye akilisoma ataelewa.

Tunawaomba mlichukue hili hata kama mnadhani halimhusu mwenzenu. Si kila mwanamke aliyepoteza mimba anasema. Pengine mnakaa meza moja miaka mitatu na hamjui. Ukiandika kwa namna hii, hutahitaji kujua.

Mbuzi wawili, na mizaha mingine

Mizaha ya uzazi ni mingi kwetu na hatuwezi kuikataa yote, maana kadi bila ya kicheko inakuwa kama barua ya serikali. Lakini mizaha mingine inakata shauri mapema. Yuko aliyetaka kuandika, "Tunasubiri mbuzi wetu wawili!" Katika madhehebu yetu ya Shafi, akika ya mtoto wa kiume ni mbuzi wawili na ya mtoto wa kike ni mmoja, na huchinjwa siku ya saba. Kwa hiyo aliyeandika mbuzi wawili ameshasema anataka mwanamume. Ikiwa atazaliwa msichana, mama atausoma mzaha huo kama kwamba amepunguza mbuzi mmoja. Tuliuacha.

Tuliuacha pia mzaha wa mwili: "Urudi na kiuno chako kile kile." Atakuwa katika arubaini, amefungwa mkanda, anakandwa kwa maji ya moto, anakunywa uji wa pilipili manga, na damu ya uzazi bado inamtoka. Kwa kawaida nifasi ni siku arubaini, na kwa madhehebu yetu inaweza kufika sitini. Huo si wakati wa mtu kuambiwa habari za kiuno.

Kicheko kilichobaki ni kile kinachomhusu yeye kazini. Mtamwona hapo chini.

"Rudi haraka, tunakusubiri"

Hili ndilo tulilolijadili zaidi. Takriban kila kadi ya kumuaga mtu ina sentensi hii, na anayeiandika anaikusudia kama mapenzi. Lakini hebu isomeni kama mwanamke aliyekwisha kuamua na mumewe kwamba atakaa nyumbani miaka miwili. "Rudi haraka" inamwambia kwamba uamuzi wake unatusumbua. "Tunakusubiri" inamwambia kwamba kuna kiti kitupu kinachomngoja, naye atajiona ana deni.

Na je, kweli kipo hicho kiti? Tulimuuliza Bi Mkubwa wazi wazi. Alijibu kama mfanyabiashara mkweli. Kwetu harusi hupungua sana mwezi wa Ramadhani, lakini kabla yake, mwezi wa Shaabani, na baada ya Idi, mwezi wa Shawwal, maharusi hufululiza. Wapakaji hina wawili hawatoshi. Lazima atafute mwengine, na huyo mwengine hawezi kuambiwa aondoke baada ya miaka miwili kwa sababu mwenye kiti amerudi. Kuandika "nafasi yako ipo" kungekuwa ni kuahidi kitu cha Bi Mkubwa kwa kalamu yetu, tena kitu ambacho yeye mwenyewe hakukiahidi.

Aliloweza kuliahidi ni hili: msimu wowote mwenzetu atakapokuwa Unguja na akataka kupaka hina, hata kwa siku moja, hata kwa bibi harusi mmoja, kazi ataipata na malipo atayapata. Hilo ndilo tulilomwambia aliandike mwenyewe, kwa mkono wake na jina lake. Ahadi ndogo ya mtu mwenye uwezo nayo ni bora kuliko ahadi kubwa ya watu sita wasio na uwezo.

Mambo ya haki zake hatukuyatia kwenye kadi kabisa. Mshahara wake wa mwezi, sehemu yake ya arbuni za maharusi aliowapokea kabla ya kuondoka, na vifaa vyake mwenyewe, yaani mabakuli, kitambaa cha kuchujia na mikasi, alivimaliza na mshika daftari siku ya Jumatatu, vikaandikwa na kutiwa saini. Kadi alipewa Jumatano. Tulitenganisha makusudi, ili asijione anabembelezwa kwa maneno mazuri siku anayodai chake.

Tulivyoitengeneza

Kadi za dukani tulizitazama. Nyingi zina rangi ya buluu au ya waridi, na picha za viatu vya mtoto na chupa za maziwa. Kwa sababu tulizokwisha kuzisema, hazikutufaa. Tukanunua karatasi moja ya manila nyeupe, tukaikata na kuikunja ikawa na ukubwa wa daftari la skuli.

Kwa vile yeye ni mpaka hina, tulitaka nje tuchore ua la hina. Kijana wetu anayejifunza akataka apake kwa hina yenyewe kwa koni. Tulijaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki, na tunawaambieni msihangaike. Hina ya mwilini ina mafuta ya mkaratusi, na mafuta yale yanapenya karatasi na kuacha alama ya mafuta kuzunguka kila mstari. Halafu hina ikikauka inapukutika. Tulichora kwa kalamu ya rangi ya hudhurungi, mchoro ule anaoupenda yeye kumpaka bibi harusi kwenye kiganja, na ukatoka vizuri.

Ndani tuligawa nafasi kwa penseli, mistari minne kwa kila mtu. Pasipo hivyo, wa kwanza hujaza nusu ya kadi na wa mwisho hubakia kwenye kona. Na kila mmoja aliandika kwanza kwenye karatasi ya kando bila ya kuona ya mwenzake. Mkipitisha kadi yenyewe, wa kwanza akiandika "Mungu akujaalie kheri", wote wanaofuata wataandika hivyo hivyo, na mtu ataondoka na dua moja iliyonakiliwa mara saba. Tulianza na mdogo na tukamalizia na Bi Mkubwa, kwa sababu mkubwa akianza wadogo wanaona haya kusema yao.

Kila mmoja tulimpa swali moja tu: taja jambo moja alilolifanya yeye, uliloliona kwa macho yako. Dua moja tuliiweka juu kwa niaba ya wote, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kila mtu kuirudia.

Kati yetu yupo aliyeolewa miaka tisa na bado hajajaaliwa mtoto. Kadi za uzazi zinampitia mkononi kila mwaka, na kila mwaka anatakiwa aandike habari za watoto. Mara hii, kwa swali lile, alitakiwa aandike habari za rafiki yake tu. Aliandika upesi kuliko sisi sote.

Hivi ndivyo kadi ilivyosomeka:

*Mpendwa dada yetu,*

*Assalaamu alaykum, wewe na mumeo. Tunamwomba Allah akufanyie wepesi, akutue mzigo kwa salama, na akuhifadhi wewe na wanao. Umefanya kazi nasi miaka mitatu. Haya ndiyo tuliyoyaona.*

*Bado natia limau kidogo kidogo kama ulivyonionesha, mpaka unga ushike kwenye kijiko. Bado naharibu. Nitazoea.*

*Ulinifundisha kuandika jina la bibi harusi na siku yake ya kusingwa kabla ya kupokea arbuni. Tangu hapo hatujagombana na mama wa harusi hata mmoja. Labda wawili.*

*Umeme ulipokatika Maghribi na bibi harusi yuko mkono mmoja, ulimaliza wa pili kwa taa ya simu yangu. Mpaka leo sijui upi ulipakwa gizani.*

*Bibi harusi alitaka piko na akaongeza pesa. Ukamwambia piko linatiwa rangi ya nywele na linaweza kumbabua ngozi, na pesa yake ukamrudishia. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nikasikia.*

*Unaimba unapopaka, na hujijui kama unaimba. Usiku wa kazi nyingi ulikuwa mfupi kwa sababu hiyo.*

*Kikombe chako cha chai ya mchaichai nimekiosha na nimekichukua nyumbani kwangu. Ukija Unguja, chai utakunywa kwangu.*

*Mwanangu, mkono wako naujua. Siku yoyote utakayokuwa Unguja na ukataka kupaka, hata kwa bibi harusi mmoja, nipigie simu. Usipotaka, nipigie vile vile tuzungumze.*

Mistari sita ya wenzake, na wa mwisho wa Bi Mkubwa. Mtaona hakuna mstari wa mtoto baada ya ile dua ya juu. Hayo mambo ya mwanamke huyu yametokea kweli, na hakuna litakalotokea Chake Chake litakaloweza kuyageuza.

Kilichokwenda pamoja nayo

Tulichanga pesa kidogo, tukazitia kwenye bahasha ya peke yake, bila ya orodha ya nani katoa ngapi. Kadi husomwa na wengi, na pesa haifai kusomwa pamoja nayo.

Tulinunua na doti moja ya kanga. Hapa tunawaonya, hasa nyinyi maharusi wapya mnaoanza kununua kanga za zawadi: soma jina lake kabla ya kutazama rangi. Doti ya kwanza iliyotuvutia ilikuwa na mji mzuri wa maembe na pindo la rangi ya damu ya mzee, lakini jina lake lilikuwa "Hasidi hana sababu". Mtu akijifunga hiyo mbele ya mawifi waliokuja kumtazama, kila mmoja atajiuliza anaambiwa nani. Kanga inasema kwa sauti kubwa kuliko kadi, na mvaaji ndiye anayeulizwa, si mtoaji. Tulichukua yenye "Nani kama mama". Kwa mtu anayekwenda kulelewa na mama yake mwenyewe, jina hilo ni la kweli siku ya kwanza tu anapoteremka Mkoani.

Kadi hatukumpa siku yake ya mwisho. Wajawazito wengi hawaifikii siku ya mwisho waliyoipanga, na siku ile yenyewe mtu yuko na mabegi na tiketi ya boti. Tulimpa siku sita kabla, baada ya wateja kuondoka, tukamwambia akaisome nyumbani. Hatukumsimamisha aifungue mbele yetu tukimtazama usoni. Anayelia alie peke yake, na anayecheka acheke na mumewe.

Kesho yake alikuja kazini kama kawaida, akapaka maharusi wawili. Jioni alipokuwa anafunga koni zake alituambia neno moja tu, kwamba ile ya zamani ameitoa katika mkoba na ameiweka kabatini nyumbani, na hii yetu ndiyo atakayosafiri nayo. Hatukumuuliza zaidi.

Mpaka tunaandika haya bado hajajifungua. Kila anayepata habari kutoka Chake anatuambia hali yake ni nzuri, alhamdulillah, na sisi hatumpigii simu kumuuliza "bado?" kila siku, kwa sababu mja mzito wa mwezi wa tisa anaulizwa hilo na mji mzima. Tunangoja habari ziletwe na wenyewe, kutoka kwa mama yake au kwa mumewe. Ile dua ya pili iko tayari kwenye daftari la arbuni, ukurasa wa nyuma.

Dada zetu, mkikumbuka katika sujudu zenu, mwombeeni mpaka hina mmoja aliyeko Pemba. Jina lake Allah analijua. Allah awatue mizigo kwa salama nyote mlio wazito, awape subira na malipo mema waliotanguliza watoto wao, na awajaalie kizazi chema wanaongoja. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullah.